Ripoti ya ajali ya kuungua katika somo la kemia

Lubumbashi, Jumanne 11 Novemba 2025
Kwa Bwana Prefe wa Masomo

Leo saa nne na robo asubuhi, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa nne, sehemu ya sayansi, mwenye miaka 16, aliungua vidole viwili vya mkono wa kuume. Wanafunzi walikuwa wakipasha moto fuwele za salfati ya shaba ili rangi ya buluu igeuke nyeupe. Taa ya spiriti ilikwisha kuzimwa. Alishika neli ya kioo kwa mkono mtupu akidhani imepoa, kwani kioo cha moto hakitofautiani na cha baridi kwa macho.

Mwalimu wa kemia alikuwa darasani muda wote, na alikuwa amewaonya kuhusu neli hizo. Wakati huo aliinamia meza ya pili. Koleo la mbao la kushikia neli ni moja kwa meza mbili. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko uzembe wa mtoto.

Mwalimu alimwagia vidole maji safi ya pipa kwa dakika 20, akavifunika kwa kitambaa safi. Hakupakwa dawa ya meno wala mafuta. Malengelenge yalitokea, hayakupasuliwa.

Mama yake nilimpigia simu saa nne na nusu, akiwa katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Alifika, nikamweleza yote, tukaenda naye kituo cha afya.

Naomba makoleo manne yanunuliwe kabla ya jaribio lijalo.

Mkurugenzi wa Nidhamu