Ripoti ya Uzoefu wa Kazi kwa Ombi la Usajili wa Mhandisi Mtaalamu (Ujenzi)

Kwa miezi 14 nilikuwa mhandisi msaidizi kwenye ujenzi wa kalvati mbili za zege, chini ya mhandisi mkazi aliyesajiliwa. Nilisoma michoro, nikakagua nondo na fomu kabla ya kila umwagaji, na kutunza daftari la kila siku. Vipimo vya ardhi nilishiriki tu, sikuviongoza.

Kazi iliyonipima ni ukuta wa kalvati ya pili. Zege lilipaswa kufikia megapaskali 25 kwa siku 28. Kyubu za siku 7 zilitoa 12, nami nilitarajia 16 hivi. Nilisimamisha umwagaji uliofuata, ingawa mkandarasi alilalamika, nikaanza kutafuta chanzo. Mvua ilikuwa imelowesha mchanga, na maji ya mchanganyiko hayakupunguzwa. Nilipima unyevu nikapata asilimia 6: kwa kilo 700 za mchanga mkavu katika kila mita ya ujazo, hayo ni lita 42 za ziada. Niliagiza maji yapunguzwe kwa kiasi hicho na mchanga uongezwe kilo 42. Tangu hapo unyevu ulipimwa kila asubuhi.

Sehemu ya awali ilifikia 19 tu siku ya 28. Nilipendekeza ibomolewe, mhandisi mkazi akaidhinisha. Nakiri kwamba siku ya kumwaga sehemu hiyo niliona zege limekuwa majimaji kuliko kawaida, nikaliruhusu.

Usanifu wa miundo bado naufanya chini ya uangalizi, kwa hiyo siombi kutambuliwa katika eneo hilo.