Huduma na Bei: Upimaji wa Udongo na Ushauri wa Kilimo, Uyole, Mbeya

Upimaji wa udongo ni Sh 180,000 kwa shamba lisilozidi ekari 5. Bei hiyo inajumuisha safari yetu hadi shambani, ada ya maabara, na ripoti ya Kiswahili inayoeleza hali ya uchachu wa udongo na kiasi cha chokaa na mbolea kwa zao unalokusudia kupanda. Tunachimba vishimo 15 hadi 20 vya kina cha sentimita 20, tukipita shamba zima kwa zigizaga, kisha tunachanganya udongo huo kwenye ndoo ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea. Shamba lenye kilima na bonde huhitaji sampuli mbili, na ya pili ni Sh 90,000.

Wapo wanaoomba kutuletea udongo kwenye mfuko ili walipe kidogo. Hatuupokei, kwa kuwa udongo uliochotwa mahali pamoja, pengine palipokuwa na zizi mwaka juzi, hutoa majibu ya mahali hapo tu, na mkulima akiyafuata kwa shamba zima hupoteza fedha nyingi kuliko ada yetu.

Kwa anayetaka kuanzisha shamba la parachichi aina ya Hass, iwe Rungwe au Njombe, ukaguzi wa eneo, upangaji wa nafasi na ukaguzi wa miche kabla hujailipia ni Sh 450,000 hadi ekari 3. Tunachimba shimo la sentimita 60, tunalijaza maji na kulitazama asubuhi inayofuata. Maji yakiwa bado yametuama, tutakushauri usipande hapo, kwa sababu mizizi ya parachichi huoza kwenye udongo usiopitisha maji. Ada ya ukaguzi hairudishwi katika hali hiyo, maana jibu hilo ndilo ulilolilipia.

Usimamizi wa viazi mviringo kwa msimu mmoja ni Sh 600,000 hadi ekari 5. Tunafika mara nne, kuanzia uchaguzi wa mbegu hadi kabla ya kuvuna, na ukiona dalili za ukungu kwenye majani kati ya ziara hizo, utatupigia simu bila malipo ya ziada.

Nusu ya ada hulipwa siku ya kupanga kazi, na nusu unapokabidhiwa ripoti au, kwa usimamizi wa msimu, katika ziara ya pili. Zaidi ya kilomita 40 kutoka Uyole, mteja hulipia nauli halisi. Wakulima watano wa kijiji kimoja wakipima udongo siku moja, kila mmoja hupunguziwa Sh 30,000, kwa kuwa safari ni moja. Nje ya hapo bei hazijadiliwi. Hatuuzi mbolea wala dawa, na hatupokei kamisheni kwa muuzaji yeyote.

Kwa kuwa mvua zetu huanza Novemba, maombi ya kupima udongo tunayapokea hadi mwisho wa Septemba, ili majibu yakufikie kabla hujanunua mbolea.