Malalamiko ya begi lililopotea: kabla na baada ya kusahihishwa

Kabla

Habari za kazi. Mimi ni abiria wenu nilisafiri juzi na begi yangu imepotea na nyie amjali kabisa. Kondakta wenu ni mwizi, alichukua begi akaweka kwenye buti alafu tulipofika Mbeya akaniambia nisubiri, nimesubiri masaa mawili mpaka basi ikaondoka. Nimepiga simu ofisini mnanizungusha tu. Begi lilikua na vitu vya samani kubwa na cheti cha mtoto. Mnilipe haraka la sivyo mtaona ntakachowafanya.

Dada yangu, mwalimu wa Kiswahili, aliusoma ujumbe huu kabla sijautuma kwa kampuni ya basi. Alibadilisha "samani" kuwa "thamani", kwa kuwa samani ni meza na viti, lakini alichokikazania zaidi ni neno "mwizi": sikumwona kondakta akiiba, na tuhuma hiyo ingewapa sababu ya kuacha kulitafuta begi.

Baada

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,

YAH: KUPOTEA KWA BEGI, SAFARI YA DAR ES SALAAM HADI MBEYA, 12 JUNI 2024

Nilisafiri na basi lenu lililoondoka Stendi ya Magufuli saa 12:00 asubuhi, nikiwa kiti namba 23. Kabla ya kuondoka nilimkabidhi kondakta begi moja la buluu iliyokoza, lenye utepe mwekundu kwenye mpini, naye akaliweka kwenye buti la upande wa kushoto na kunipa kipande cha karatasi chenye namba 0417, ambayo pia aliiandika kwenye kibandiko cha begi hilo.

Tulipofika Stendi ya Nane Nane, Mbeya, saa 1:30 usiku, begi halikuwemo. Kondakta aliniomba nisubiri, nikasubiri kwa saa mbili hadi basi lilipoondoka. Kwa kuwa mizigo mingine ilishushwa Morogoro, Iringa na Makambako, huenda begi langu lilishushwa kimakosa katika mojawapo ya vituo hivyo. Tangu hapo nimepiga simu ofisini kwenu mara nne bila kupata jibu la kueleweka, jambo lililoniumiza kuliko hata upotevu wenyewe.

Ndani mlikuwa na vitenge vinne, jozi mbili za viatu na nguo, vyote vikiwa na thamani ya shilingi 285,000, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, anachokihitaji atakaporipoti kidato cha tano mwezi Julai. Cheti hicho ndicho ninachokihofia zaidi.

Naomba muulize katika ofisi zenu za vituo nilivyovitaja na kunijibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Begi lisipopatikana, naomba nilipwe fidia ya thamani hiyo pamoja na gharama za kupata nakala ya cheti. Nisipojibiwa, nitawasilisha malalamiko haya LATRA.

Nimeambatisha picha za tiketi na za kipande namba 0417.

Wenu,
Abiria wa kiti namba 23
14 Juni 2024