Zoezi la uuguzi wa wazee: deliriamu au dimensia?

Mgonjwa ni bibi wa miaka 78, mkulima, aliyelazwa wodi ya mifupa baada ya kuvunjika nyonga. Siku ya tatu tangu upasuaji, mchana alisinzia, chakula hakukigusa. Usiku alichomoa dripu na kumwita dada yake aliyekwisha kufariki. Kwenye faili lake nilikuta imeandikwa: "Uzee, dimensia." Sikubaliani na maandishi hayo, na kazi hii inaeleza kwa nini.

Swali la kwanza nilimuuliza binti yake, si mgonjwa: "Dada, mama alikuwaje wiki iliyopita?" Akajibu kwamba alikuwa akiuza ndizi gengeni na kurudisha chenji mwenyewe. Hilo lilinitosha kuanza kutia shaka. Dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, hunyemelea kwa miezi na miaka. Deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, huzuka ndani ya saa au siku chache, kisha hupanda na kushuka siku hiyohiyo. Aina moja ya dimensia, ya miili ya Lewy, nayo hupanda na kushuka, lakini haianzi siku tatu baada ya kisu.

Nikapima kwa 4AT, kipimo kifupi cha kutambua deliriamu. Usingizi usio wa kawaida: alama 4. Hakujua mwaka, na wodi aliiita nyumbani kwa dada: 2. Tarehe ya kuzaliwa sikuipa uzito, maana binti anasema mama hajawahi kuijua. Kwa wazee wetu wengi kosa hilo halisemi lolote kuhusu akili. Kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, alikwama Oktoba: 1. Mabadiliko ya ghafla: 4. Jumla 11, na kuanzia 4 tayari hushukiwa deliriamu. Kilichonishtua zaidi ni umakini wake: alipoteza swali kabla sijalimaliza. Mwenye dimensia ya mwanzo kwa kawaida hulifuata swali vizuri, ila jibu ndilo husahau.

Deliriamu ina chanzo, hivyo nilikitafuta. Tumbo la chini lilikuwa gumu. Mpira wa mkojo ulitoa mililita 900. Choo, siku nne hakupata. Chati ya dawa ilionyesha promethazini kila usiku "ili alale", dawa inayoweza kuzuia mkojo na kuvuruga akili ya mzee. Daktari ameisimamisha. Sukari na kipimo cha malaria havikuwa na tatizo. Majibu ya chumvi za damu bado.

Baadaye binti alikiri kwamba tangu mwaka jana mama huunguza sufuria na kurudia maswali. Huenda basi dimensia ipo chini ya deliriamu hii, nayo dimensia huongeza hatari ya deliriamu. Leo siwezi kuipima kwa haki. Nimeomba apimwe tena kliniki wiki sita baada ya kutoka, kwa kipimo cha IDEA, kilichojaribiwa wilayani Hai, ambacho hakimhitaji mzee kujua kusoma. Mpaka hapo, neno "dimensia" nimeomba liandikwe na alama ya kuuliza.