Ruzuku ya mbolea: maneno ya afisa kilimo wa kata kwenye mkutano wa kijiji, wilayani Magu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Mtendaji, wazee wetu, akina mama, vijana, mwangaluka!

Mwenyekiti kanipa dakika chache, na najua wengine mna nyavu za kuanika, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Wiki hii nimeulizwa na watu wengi, kisimani, gulioni, hata msibani: "Bwana shamba, mbolea ya bure inakuja lini?" Jibu ni kwamba haiji. Hakuna mbolea ya bure. Kuna mbolea ya ruzuku, na hiyo utainunua kwa fedha yako mwenyewe, ila hutalipa bei yote.

Ukienda dukani kununua baiskeli na mjomba wako yuko na wewe, wewe ukatoa ulichonacho na yeye akammalizia mwenye duka kilichobaki, utatoka na baiskeli. Lakini ile hela ya mjomba hukuishika, imetoka mfukoni mwake ikaenda kwa mwenye duka. Ruzuku inakwenda hivyo hivyo. Serikali haikupi hela mkononi, wala haikukopeshi, kwa hiyo asije mtu wakati wa mavuno akakwambia unadaiwa. Inamlipa mfanyabiashara sehemu ya bei, wewe unamalizia iliyobaki.

Chukueni mfano wa mwaka 2022, utaratibu huu ulipoanza. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulikuwa umefika zaidi ya shilingi 130,000. Mnakumbuka, wengine hapa mlipanda mpunga bila kitu. Rais Samia alipozindua mpango ule Mbeya kwenye Nane Nane, mfuko huo ukauzwa 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha, na zile sitini na zaidi zilizobaki zikalipwa na serikali. Urea nayo ilishuka hadi 70,000 kutoka zaidi ya 120,000. Ekari moja inayotaka mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa urea wa kukuzia ilikula 140,000 badala ya zaidi ya laki mbili na nusu. Tofauti hiyo inatosha kulipa vibarua wa palizi na kitu kikabaki.

Mzee mmoja kaniuliza kwa nini bei ilipanda vile wakati ziwa lipo, mvua ipo na ardhi ni ile ile. Mbolea nyingi tunayotumia inatoka nje ya nchi. Urea inatengenezwa kwa gesi asilia, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya gesi ikaruka na mbolea ikaifuata. Halafu ikishafika bandarini Dar es Salaam, ina safari ya zaidi ya kilometa 1,100 kuja Mwanza. Kila kilometa ina mafuta yake ndani ya bei unayoikuta Magu mjini.

Sasa hela ya serikali inatoka wapi? Inatoka kwenu. Ni kodi ya sukari, ya sabuni, ya mafuta ya bodaboda iliyokuleta hapa. Mwaka wa fedha 2022/23 zilitengwa shilingi bilioni 150 kwa kazi hii. Ninalisema hili kwa sababu kuna watu wanaichukulia ruzuku kama sadaka, na sadaka mtu haulizi imeendaje. Hii iulizeni.

Tunafika kwenye namba, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Ukijiandikisha unatoa jina, kitambulisho, simu, ekari unazolima na mazao yako. Baadaye unapata namba ya mkulima. Ukifika kwa wakala, hiyo namba ndiyo inayoshusha bei. Wakala anaingiza namba yako kwenye mfumo, anaskani alama iliyo kwenye mfuko, na mauzo yanaandikwa kwa jina lako. Mauzo hayo yakishahakikiwa ndipo serikali inalipa sehemu yake. Bila namba, mfuko unabaki na bei ya soko.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mama, nipe namba yako, nikupe elfu tano ya chumvi," anakununua kwa bei ya kutupa. Anachukua mfuko kwa bei ya ruzuku, anauuza kwingine kwa bei kubwa, na mfumo unaonyesha ni wewe uliyechukua. Mpunga wako ukianza kugeuka njano, ukienda kutafuta urea, utaambiwa mgao wako umekwisha. Wakati wa vocha, ule mpango ulioanza 2008, yalitokea hayo hayo: watu walisaini karatasi, wakapewa vijisenti, mbolea ikaenda kwa wengine. Karatasi ile ilisemekana kuwa rahisi kuchezea. Namba nayo ni rahisi vile vile kama mwenyewe unaiuza. Mtanisamehe kwa ukali, lakini sitaki kumwona mtu wa kijiji hiki analia Januari kwa elfu tano aliyokwisha kula Novemba.

Ukiwa dukani, soma bei elekezi, inatakiwa iwe imebandikwa. Angalia mfuko umeshonwa kiwandani, haujafunguliwa ukashonwa upya kwa uzi mwingine. Daini risiti, na msikubali kuambiwa mashine imeharibika, njoo kesho. Akikutoza zaidi ya bei elekezi, usigombane naye. Chukua risiti, uniletee mimi au Mtendaji.

Usiongeze ekari. Wapo wanaoandika kumi wakati wanalima mbili. Tunapita mashambani na tunawafahamu. Na mama mwenye kipande chake cha mpunga aandikishwe kwa jina lake na simu yake. Baba asiseme "tumeshaandikwa nyumbani" halafu mama aje kuniuliza pembeni.

Wenye bustani za nyanya na kabichi kule ufukweni, nanyi nawaona. Bei ikishuka mtu hupata tamaa ya kumwaga. Mbolea inayozidi mahitaji ya mmea inasombwa na mvua hadi ziwani, na huko inalisha magugu maji yale yale yanayokwamisha mitumbwi yenu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka bustani ikae umbali wa mita 60 kutoka kwenye maji. Nitakuja na kamba ya kupimia, tutaelewana huko huko.

Wa pamba, mbegu na dawa zenu zina utaratibu wake kupitia chama chenu cha ushirika, AMCOS. Msije kwenye meza ya mbolea kunidai viuatilifu.

Uandikishaji unaanza kesho asubuhi hapa ofisini, na utaendelea hadi Ijumaa. Njoo na kitambulisho na simu unayoitumia mwenyewe, si ya mtoto aliyeko Mwanza mjini, maana ujumbe wenye namba utaingia huko. Asiye na simu aje hivyo hivyo, tutatafuta namna. Aliyeandikishwa msimu uliopita naye apite, tuhakiki kama taarifa zake ni sahihi. Anayelima shamba la kukodi aseme ni la kukodi, hakuna aibu.

Wabeja. Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Naona mzee aliyekaa chini ya mwembe kanyoosha mkono tangu nilipotaja bei, naomba aanze yeye.