Muhtasari kwa Menejimenti: Kusimama kwa Mfumo wa Malipo, Jumanne

Mfumo ulisimama saa 3:12 hadi 4:47 asubuhi, dakika 95. Wateja 312 walikatwa fedha kwenye simu bila kupata risiti. Miamala yao yote imelinganishwa na kukamilishwa kufikia saa 9 alasiri. Hakuna data iliyopotea.

Chanzo: seva ya nakala iliondolewa wiki iliyopita, lakini nafasi yake ya unakilishaji ikabaki kwenye hifadhidata kuu ya PostgreSQL. Hifadhidata iliendelea kuitunzia kumbukumbu za mabadiliko ambazo hakuna aliyezisoma, hadi diski ya GB 500 ikajaa. Tahadhari ilipangwa kulia kwenye 95%, kiwango kisichoacha muda wa kutosha kuchukua hatua.

Tuliongeza GB 200 kwanza, kwa kuwa hifadhidata isingewaka diski ikiwa imejaa, kisha tukafuta nafasi ya unakilishaji iliyobaki.

Tahadhari sasa inalia kwenye 70%, na kikomo cha kumbukumbu zinazotunziwa nakala kimewekwa:

```
max_slot_wal_keep_size = 50GB
```

Gharama yake: nakala ikichelewa kupita kikomo hicho, itabidi ijengwe upya. Tunaona ni afadhali hivyo kuliko malipo kusimama. Ijumaa, timu ya hifadhidata itaongeza ufutaji wa nafasi ya unakilishaji kwenye utaratibu wa kuondoa seva.