Hotuba ya mratibu wa kituo cha vijana, Ngamiani, Tanga: utaratibu mpya wa waifai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazazi na walezi mliofika, walimu wetu wa kujitolea, na nyie vijana mliojaa hadi madirishani. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni? Vijana oyee!

Nimewaita kwa jambo moja tu, waifai. Najua kuna waliokuja wakiwa wamesikia kwamba tunaikata. Hatuikati. Ila kuanzia Jumatatu ijayo haitatumika kama mlivyozoea, na nataka mjue sababu kabla ya kusikia masharti, maana sharti lisiloelezwa watu hulitafutia uchochoro.

Wiki iliyopita binti mmoja wa hapa kituoni, simtaji, na mnaomjua naomba mkae kimya, alikaa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni tangu saa 4 asubuhi akituma maombi ya mkopo wa chuo. Alikuwa na kila kitu: cheti cha kuzaliwa, picha, na ile fomu ambayo wewe mwenyewe Mwenyekiti uliigonga muhuri. Kila faili likifika nusu linagoma. Anarudia, linagoma. Saa 9 alasiri akakusanya karatasi zake akaenda kulipia kwenye steshenari ya barabara ya pili yake, na huko kazi ikaisha kabla hajamaliza soda. Mwanachama wa kituo chenye intaneti ya bure ametoa hela mfukoni kununua intaneti!

Nikafungua ukurasa wa ruta nione kulikoni. Vifaa vilivyounganishwa vilikuwa 61, na humu ndani tulikuwa watu 18. Hata kila mmoja wetu angekuwa na simu mbili, hesabu haifiki. Waliobaki walikuwa barazani kwa jirani, kwenye kijiwe cha bodaboda pale chini ya mkungu, na wengine sijui wapi. Nikaja kuambiwa kwamba nywila yetu inauzwa kona ile kwa shilingi 500, unaonyeshwa msimbo wa QR kwenye simu, unaupiga picha, umeingia. Aliyeanza kuuza sihitaji jina lake. Nawasifu tu kwamba biashara mnaiweza. Sasa tuihamishie kwenye bidhaa ambayo ni yenu.

Naomba niwape hesabu kidogo. Laini tunayolipia ni ya megabiti 20 kwa sekunde. Video moja yenye picha kali, ile ya 1080p, inakula kama megabiti 5. Kwa hiyo watu wanne wakitazama vichekesho kwa wakati mmoja, laini imeisha. Wa tano anayetuma cheti anagombania matone. Na si video peke yake. Simu zetu nyingi zimewekwa zisubiri waifai ndipo zisasishe programu. Unaingia mlangoni umeweka simu mfukoni, hujagusa kitu, kumbe yenyewe imeshaanza kushusha mamia ya megabaiti. Watu 30 wakiingia hivyo saa 3 asubuhi, asubuhi yote imekwenda. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza, hata kabla ya Jumatatu: nenda kwenye Play Store, kwenye mipangilio, zima usasishaji wa moja kwa moja. Programu zako utazisasisha jioni, tena unapaswa kuzisasisha, lakini kwa saa unayoichagua wewe.

Sasa utaratibu wenyewe.

Mitandao itakuwa mitatu. Wa kwanza ni wa ofisi, una printa na kumbukumbu za kituo, na huo msiuulizie. Wa pili ni wa wanachama, utauona kwenye simu kwa jina `KITUO-VIJANA`. Wa tano... samahani, wa tatu, naona macho yamenikodolea, ni `KITUO-WAGENI`, wa mzazi aliyekuja kumsubiri mtoto au mgeni wa siku moja. Huo wa wageni tumeuwekea kikomo cha kasi, meseji na barua pepe zitapita, sinema haitapita. Mgeni wetu tunamkaribisha vizuri, ila hatumwachii chumba cha kulala.

Nywila ya wanachama itabadilishwa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Kuna kijana aliniambia kwenye kamati, na alikuwa na hoja, kwamba siku hizi wataalamu hawashauri kubadilisha nywila kila mara, kwa sababu watu huishia kuandika jina la mpenzi na kuongeza namba 1, mwezi ujao 2. Ni kweli, kwa akaunti yako binafsi. Nywila ndefu ambayo unaijua peke yako haichakai kwa sababu tu mwezi umeisha. Lakini hii yetu inajulikana na watu zaidi ya mia. Kila mwezi kuna anayehama mji, anayeuza simu yake ikiwa bado na nywila ndani, anayempa binamu. Tukibadilisha, wote hao wanatoka kwa mpigo, bila kugombana na mtu. Na ikivuja katikati ya mwezi hatutasubiri Jumatatu, tutabadilisha siku hiyohiyo.

Nywila itakuwa ndefu. Ruta inapokea kuanzia herufi 8 hadi 63, na sisi hatutakaa kwenye nane. Yatakuwa maneno manne yasiyohusiana, kitu kama `embe-ngalawa-kufuli-tisa`. Msiiandike hiyo, ni mfano tu! Mtu anaikumbuka, ila kuibahatisha si rahisi kama ile tuliyoizoea, jina la mtaa na mwaka, ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeipata akiwa na mchana mmoja wa bure.

Mtaipata wapi? Mezani kwa dada wa mapokezi, ana kwa ana, ukiwa na kadi yako ya uanachama. Utasaini kwenye daftari. Haitabandikwa ukutani na haitatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sababu kundi lile lina watu walioondoka Tanga miaka mingapi iliyopita na hatujawatoa. Ukiona mtu amejiita mratibu anakutumia nywila kwenye simu, au anakuomba ya kwako, huyo si mimi. Na kile kitufe cha kushiriki waifai kwa msimbo wa QR tumekubaliana hakitumiki hapa. Rafiki yako anahitaji intaneti? Mlete mezani, ajiandikishe. Uanachama wenyewe ni bure.

Kuhusu muda: kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, laini ni ya masomo, maombi ya kazi, vyuo, na wale wanaouza bidhaa zao mtandaoni. Ndiyo, wanaoshona na kupiga picha za nguo wanafanya kazi, hao msiwaguse. Kuanzia saa 10 jioni mpaka tunapofunga saa 12 na nusu, burudani ruksa. Siku Coastal Union wakicheza, au ikiwa ni Simba na Yanga, tutawasha televisheni ya ukumbini, mtiririko mmoja kwa watu wote, badala ya simu 40 kila moja na goli lake na kelele yake. Nadhani hata utamu unaongezeka.

Hapa kwenye uwajibikaji nitakaa kidogo, maana ndipo palipotugawa kwenye kamati.

Wapo waliotaka nywila ikivuja tuzime waifai kwa wote wiki nzima, ili vijana wenyewe wambane aliyevujisha. Mimi nilikataa, na nitaendelea kukataa. Yule binti wa maombi ya mkopo hajauza nywila ya mtu. Kwa nini alipe? Kitakachotupata sote ni usumbufu wa kuja mezani tena kuchukua nywila mpya, basi. Atakayebainika kuuza au kugawa tutazungumza naye mara ya kwanza, mara ya pili atakaa nje ya mtandao mwezi mmoja, kompyuta za kituo ataendelea kuzitumia kwa masomo. Mara ya tatu anakwenda kwenye kamati, ambayo wajumbe wake wanne ni vijana wenzenu.

Lakini msidhani shida ni kasi tu. Nje ya kuta hizi, sisi sote tunaonekana kwa anwani moja ya intaneti. Mtu akikaa barazani akatumia laini yetu kumtukana mtu au kumtapeli kwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", anayefuatilia akigonga mlango anagonga wetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na mezani kwangu sitaki kuijadili nikiwa sijui nani alikuwa ameunganishwa.

Kwa hiyo kila wiki tutakuwa na watu wawili wa zamu, mmoja kutoka kundi la ushonaji na mwingine kundi la kompyuta, halafu sanaa na michezo, tunazunguka. Kazi yao ni kuwasaidia wenzao kuunganisha, kuhakikisha kila aliyetumia kompyuta ya kituo ametoka kwenye akaunti yake, kuangalia kama kuna mtandao wenye jina linalofanana na letu usio na alama ya kufuli, na jioni kuchomoa ruta ya ukumbini ili tusiile LUKU bure usiku. Hawana ruhusa ya kumwomba mtu simu yake wala kuchungulia anachosoma. Wakifanya hivyo njooni kwangu.

Nanyi mna haki ya kujua ofisi inaona nini. Tunaona jina la kifaa na kiasi cha data kilichotumika. Meseji zenu hatuzisomi, wala hatuna njia ya kuzisoma. Daftari la mapokezi litakaa kwenye kabati lenye kufuli na kurasa za zamani zitachanwa kila baada ya miezi mitatu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kituo kidogo hakijasamehewa. Nywila ya kuingia kwenye ruta yenyewe, ambayo ni tofauti na ya waifai, tutakuwa nayo wawili, mimi na mwalimu wa kompyuta. Mwanangu mwenyewe hataipata, na ameshaniuliza.

Wazazi, watoto wa chini ya miaka 18 watasainiwa fomu na nyie mara moja tu, zipo hapo mlangoni. Vijiwe vya jirani nimeshavitembelea, bodaboda wameelewa na wamekaribishwa kujiandikisha kama watu wengine.

Nywila ya kwanza itatolewa Jumatatu saa 2 na nusu asubuhi. Mkifika, kwanza sahauni mtandao wa zamani kwenye simu zenu, msije mkalalamika inakataa. Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na nyuma kule, maana huku mbele wanauliza kila siku.